Gramu Ngapi kwa Tani?

"Mwamba una mali." Saza, katika Wilaya ya Songwe, sentensi hiyo inatosha kabisa mdomoni mwa mtu aliyesimama pembeni ya duara. Anayeisikia amelishika jiwe, anamjua msemaji na ukoo wake, na kesho akitaka anashuka mwenyewe akaone. Ipandishe sentensi hiyohiyo kwenye slaidi, mbele ya kamati ya mikopo ya benki jijini Mbeya, nayo inakosa nguvu zote hizo. Wajumbe wale hawajaliona jiwe, na kesho hawashuki popote.

Ndiyo maana kuna watu wanaostahili sifa kwa kazi ambayo haionekani: wale wanaokaa na slaidi usiku, wanafuta sifa moja baada ya nyingine, na mahali pa kila sifa wanaweka kipimo. Sanaa yao ni ya kuandika maneno machache tu, lakini nyuma ya kila neno kuna safari ya kwenda kuhesabu kitu.

Saza ni mahali pazuri pa kuitazama sanaa hiyo, kwa sababu kishawishi cha kujisifu kipo ardhini. Dhahabu ya ukanda wa Lupa, ambamo Saza imo, imevuta watu tangu miaka ya 1920. Mgodi wa New Saza ulifunguliwa 1939 ukafanya kazi hadi miaka ya 1950, na mwaka 2012 mgodi wa New Luika ulianza uzalishaji katika ukanda huohuo. Basi slaidi ya kikundi cha wachimbaji wadogo huwa karibu inajiandika yenyewe: "Tupo kwenye eneo maarufu lenye utajiri mkubwa wa dhahabu. Tuna uzoefu wa muda mrefu. Tunahitaji mtambo wa kisasa ili kuongeza tija." Hakuna uongo hapo. Ila kikundi chochote, hata ambacho hakijawahi kupata gramu, kingeweza kuyaandika maneno hayo bila kubadili herufi.

Tuchukue kikundi cha kubuni chenye leseni ndogo ya uchimbaji na tuifanyie slaidi yake kazi. Neno la kwanza kushughulikiwa ni "utajiri mkubwa". Katika dhahabu, ukubwa una kipimo kimoja tu kinachoheshimika: gramu ngapi zimetoka katika tani moja ya mwamba. Kwa hiyo zinatakiwa namba mbili, tani na gramu, na kila moja ina vishimo vyake.

Tani kwanza. Wachimbaji hawapimi kwa tani, wanahesabu viroba. Daftari la karasha linaonyesha kwamba kati ya Machi na Mei kikundi kilisaga viroba 800. Mwandishi mvivu atasema kiroba ni kilo 50 na kuendelea na safari yake. Mwandishi makini anaomba viroba 20 vipandishwe kwenye mzani. Vinakuja kati ya kilo 47 na 54, wastani 50. Sasa ana haki ya kuandika tani 40. Atakumbuka pia kuuliza kama mawe yalikuwa makavu, maana sehemu ya miezi hiyo ni ya mvua, na maji yaliyomo kwenye kiroba yanapimwa kama mwamba ilhali hayana dhahabu.

Gramu ni rahisi zaidi kuliko zamani. Shimoni watu wanaongea kwa pointi, yaani sehemu ya kumi ya gramu, na pointi za mdomoni zina tabia ya kuongezeka jioni. Lakini tangu masoko ya madini yaanze kufunguliwa nchini mwaka 2019, kila mauzo sokoni huacha karatasi yenye tarehe na uzito. Stakabadhi za kikundi chetu zikijumlishwa zinatoa gramu 172. Gawanya kwa tani 40: gramu 4.3 kwa tani. Kikokotoo kikiendelea kuonyesha desimali nyingi zaidi, zisiandikwe. Viroba vilivyopimwa kwa mzani wa sokoni haviwezi kuzaa usahihi wa namna hiyo, na ofisa wa mikopo mwenye jicho ataona kwamba anapambiwa.

Hapa ndipo kikundi hulalamika. "Mbona hukuandika kile kiroba kilichotoa gramu 6?" Kiroba hicho kilikuwepo kweli, na hesabu yake inapendeza: gramu 6 katika kilo 50 ni gramu 120 kwa tani. Mwamba wote ungekuwa hivyo, tani 40 zingetoa kilo 4.8 za dhahabu, badala ya gramu 172 zilizouzwa. Dhahabu ya mishipa ya namna hii hukaa kwa mafungumafungu, na kiroba kimoja chenye bahati hakiwakilishi vingine 799. Namba inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikadanganya.

Sasa "mtambo wa kisasa ili kuongeza tija". Sababu halisi ya mkopo imejificha kwenye marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kusaga na kukamata kwa zebaki. Kikundi kinapeleka maabara sampuli 6 kutoka sehemu tofauti za rundo; majibu yanatoka kati ya gramu 2.2 na 4.1 kwa tani, wastani 3.1. Katika tani 40 hizo ni gramu 124 zilizolala nje ya banda. Kwa maneno ya slaidi: kati ya kila gramu 10 zilizoingia kwenye karasha, karibu 4 zilibaki kwenye marudio. Sentensi hiyo inaomba mkopo wa matangi ya sianidi vizuri zaidi kuliko neno "kisasa" litakavyowahi kuomba, japo mwandishi mwaminifu ataongeza kwamba hata sianidi haitoi zote.

Hata hivyo namba peke yake haijengi imani. Kampuni ya Bre-X ya Kanada ilijaa namba. Ilitangaza wakia milioni kadhaa za dhahabu huko Busang, Indonesia, na makadirio yakapaa hadi wakia milioni 71. Kawaida ya kuchoronga ni kupasua jiwe lililotoka nusu kwa nusu: nusu moja inakwenda maabara, nyingine inatunzwa ili anayetilia shaka aipime upya. Busang mawe yalisagwa mazima, hivyo hapakuwa na nusu ya kurudia. Mwaka 1997 wengine walipochoronga kando ya mashimo yaleyale hawakukuta kitu cha maana. Sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje.

Kwa hiyo chini ya kila namba kwenye slaidi, kwa herufi ndogo, lazima ibaki nusu ya kupimwa upya: daftari la karasha, stakabadhi za soko, mabaki ya sampuli yaliyohifadhiwa. Slaidi ya kikundi chetu sasa inasomeka hivi:

"Machi–Mei: tani 40 zilisagwa, gramu 172 ziliuzwa sokoni (4.3 kwa tani). Marudio bado yana wastani wa gramu 3.1 kwa tani, sampuli 6. Tumechimba hadi mita 18. Chini ya hapo hatujapima."

Sentensi ya mwisho ndiyo ambayo kila kikundi hutaka ifutwe, na isifutwe. Inamwonyesha ofisa wa mikopo mahali vipimo vinapoishia, naye ataamini zaidi vilivyo juu yake. Nani mwingine angekubali kuandika "hatujapima" mbele ya benki?

Mwenye slaidi kama ile ya kwanza na aanze na daftari la karasha. Kama halipo, alinunue leo, ahesabu viroba vya miezi mitatu, ndipo aombe nafasi mbele ya kamati.