Kijani Kilichobaki Chini ya Kidevu

Picha ni ya dada aliyesuka rasta ndefu, amesimama juani na fulana ya kijani kikali. Mteja anataka fulana iwe bluu nzito. Kubadilisha kitambaa chenyewe ni kazi nyepesi. Kinachoumbua picha ni shingo. Jua lilipiga fulana, fulana ikarusha mwanga wa kijani juu, ukatua chini ya taya na kwenye rasta za mabegani.

Wengi hufungua leya mpya ya `Color` na kupaka rangi ya ngozi iliyochukuliwa shavuni. Rangi hurekebika, ila leya hiyo haigusi mwangaza. Chini ya kidevu panabaki pamewaka, ilhali bluu nzito hairudishi mwanga wa kutosha kupawasha. Hivyo hapa ulipunguzwa mwanga wenyewe, tena kwa kipimo.

Paneli ya `Info` ilisoma shavu safi R 150, G 105, B 80: kijani ni asilimia 70 ya nyekundu. Chini ya taya ilisoma R 118, G 104, B 62. Asilimia 70 ya 118 ni kama 83, kwa hiyo kijani kimezidi kwa 21. Bluu inalingana na uwiano wa shavu, ikaachwa. Ikaongezwa leya ya `Curves`, chaneli ya `Green`, nukta moja tu: `Input` 104, `Output` 83. Maski yake ilijazwa nyeusi, kisha ikapakwa nyeupe kwa brashi laini yenye `Flow` 10%, kwa wingi pale kijani kilipokolea na kidogo kidogo kuelekea shavuni. Ngozi ilitulia rangi na kuingia kivuli kidogo, kama inavyopaswa juu ya nguo nzito.

Rasta zilihitaji njia nyingine. Nywele nyeusi zinazong'aa huakisi mwanga kwa rangi uliyokuja nayo, kwa hiyo mng'ao wote wa upande wa chini ulikuwa wa kijani. Ilitosha leya ya `Hue/Saturation`, kundi la `Greens`, `Saturation` -80, ikiwa na maski ya nywele pekee. Vinyweleo vilivyolala juu ya fulana ni suala jingine: pikseli zake zimechanganya unywele na kitambaa, hivyo hubadilishwa rangi pamoja na fulana.

Kuhakiki, weka juu ya leya zote `Hue/Saturation` ya muda yenye `Saturation` +60. Kijani chochote kilichosalia kitajitokeza; ukimaliza, ifute.

Njia hii hufanya kazi vizuri kwa kijani kwa sababu kiko mbali na rangi ya ngozi. Fulana nyekundu ni ngumu zaidi, na chaneli ya nyekundu ikishafika 255 shingoni, hakuna kipimo cha kurudishia kilichopotea. Mteja akisema mapema kwamba rangi itabadilishwa, mpige mhusika picha akiwa na fulana ya kijivu.