Neno "wa" lililopotea: kusoma upya jina la Ngũgĩ

Kwenye rafu yangu nina nakala mbili za Weep Not, Child. Moja ni ya zamani, karatasi zimegeuka rangi ya chai, na jina la mwandishi ni James Ngugi. Ya pili ni toleo jipya lenye jina tunalolijua sote, Ngũgĩ wa Thiong'o. Riwaya ni ileile ya 1964. Nimezisoma zote mbili, lakini siku hizi ninachokisoma zaidi ni majalada.

Tumezoea kusimulia kwamba Ngũgĩ aliacha jina la James, basi. Mwaka 1970 alihutubia mkutano mkuu wa kanisa la PCEA Nairobi, akaanza kwa kusema yeye si mtu wa kanisa. Inasimuliwa kwamba mzee mmoja alisimama akamuuliza: mbona basi unaitwa James? Kisa kitamu, na muda si mrefu baadaye jina hilo likatoweka kwenye vitabu vyake. Lakini kisa hiki kinatufanya tutazame upande mmoja tu wa jalada.

Hebu weka majina mawili pamoja. James Ngugi. Ngũgĩ wa Thiong'o. Kilichoongezwa na ukoloni ni James, sawa. Kilichoondolewa je? Ni baba. Katika jina la kwanza Thiong'o hayupo kabisa. Ngũgĩ, ambalo ni jina lake mwenyewe la kuzaliwa, limesukumwa nyuma likakaa pale Wazungu wanapoweka jina la ukoo. Ubatizo na fomu ya shule vilifanya kazi mbili kwa mpigo: vilimpa mtoto jina la mgeni, vikalifanya jina lake mwenyewe lisimame mahali pa babake. Kwa hiyo kufuta James pekee kungerudisha nusu tu. Kazi kubwa ilikuwa kurudisha kineno kidogo "wa".

Kwa Wagĩkũyũ kineno hicho si pambo. Mtoto wa kiume wa kwanza huitwa kwa jina la baba ya babake, wa pili kwa jina la baba ya mamake, na wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao. Majina yanazunguka, kwa hiyo kijiji kimoja kinaweza kuwa na watu kumi wenye jina moja. Anayewatofautisha ni baba, yule anayetajwa baada ya "wa". Ndiyo maana binti wa Ngũgĩ, ambaye naye ni mwandishi, anaitwa Wanjikũ wa Ngũgĩ. Wanjikũ ni jina la mama yake Ngũgĩ, na baada ya "wa" tunasoma baba. Mnyororo umeunganishwa tena, na unausoma kwenye jalada bila maelezo.

Sasa njoo maktaba. James Ngugi alipangwa chini ya herufi N kwa sababu Ngugi ilidhaniwa ni jina la ukoo. Ngũgĩ wa Thiong'o naye hupangwa chini ya N, lakini kwa sababu nyingine kabisa: Ngũgĩ ni jina lake, na "wa Thiong'o" ni maelezo ya nani babake. Rafu moja, sababu mbili. Ukikuta orodha ya vitabu iliyomwandika "Thiong'o, Ngugi wa", jua aliyeiandaa amerudia kosa la karani wa misheni, tena huenda kwa nia njema. Katalogi nzuri hufanya jambo jingine: hulihifadhi jina la James Ngugi kama kielekezi tu, "tazama Ngũgĩ wa Thiong'o". Mwenye nakala ya zamani hapotei njia.

Hili la kielekezi sikulithamini mpaka lilipotugusa nyumbani.

Babu yangu alifariki akiwa na shamba. Hati yake ilitokana na upimaji wa ardhi wa miaka ya hamsini, na karatasi za wakati ule zinasema wilaya ni Fort Hall, jina la Francis Hall, afisa wa Mwingereza aliyekufa 1901. Kwa jina la babu ziliandika jina la ubatizo, kisha jina lake. Babake hakutajwa. Wilaya ilirudishiwa jina la Murang'a na serikali, wala hakuna mwanakijiji aliyelipa wakili. Babu hakuwa na bahati hiyo. Mji hurudishiwa jina na serikali, mtu hujirudishia mwenyewe.

Aliye hai ana njia. Unaandika hati ya kubadili jina kupitia wakili, inasajiliwa kwa msajili wa hati Nairobi, inatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Kenya, kisha unakwenda kuomba kitambulisho kipya. Binamu yangu alipitia hayo yote. Nilisoma tangazo lake kama msomaji wa fasihi, nikashtuka. Lugha yake ni ya kudumu, haibadiliki kwa mtu yeyote: fulani ameliacha kabisa jina lake la zamani na kulichukua jina jipya. Lakini binamu alilirudia jina la kale! Kwenye fomu hiyo hakuna kitenzi "kurudisha". Sheria inamwona kila mwombaji kama mtu anayeanza upya, na anayerudi nyumbani anaandikwa kama anayehama. Tena hati hiyo hutazama mbele tu. Vyeti vyake vya shule vimebaki na jina lile lile la zamani, kwa hiyo hutembea na nakala ya Gazeti kwenye bahasha.

Marehemu hawezi kusaini hati. Kwa babu tulibaki na njia ya mirathi: barua ya chifu, na kiapo cha familia kwamba jina lililo kwenye hati ya shamba na jina tulilomzikia ni la mtu mmoja. Baba alitaka jina la ubatizo lisionekane popote. Wakili akasema haiwezekani, jina lisilolingana na lile la sajili ya ardhi litakwamisha kila kitu. Lakini aliyetunyamazisha ni nyanya. "Hilo jina nimemwita miaka hamsini," alisema. "Mnataka kunizika naye?"

Tukaandika hivi: jina lake, wa babake, aliyejulikana pia kama, kisha jina la ubatizo. Mpangilio ulikuwa ndio ushindi wetu. Jina la misheni lilibaki, lakini limeshuka cheo, likawa kielekezi.

Nikirudi kwenye rafu, ndiyo lawama yangu kwa toleo jipya nililo nalo. Jina sahihi liko mbele, vizuri sana, hata alama za ũ na ĩ zipo, ambazo kwa Kigĩkũyũ ni irabu kamili. Ila hakuna mstari hata mmoja ndani unaosema kitabu hiki kilitoka kwanza kwa jina la James Ngugi. Mchapishaji amesafisha mno. Kijana atakayeokota nakala ya chai huko Bagamoyo au Nakuru atadhani ni waandishi wawili, na hatajua kwamba mmoja wao alimrudisha babake kwenye jalada.