Sivi ya Direkta Jenerali kwa kazi ya kusimamia butiri

Ndugu walisansie, mwenzetu mmoja ametupa sivi yake tuichambue hapa, bila jina. Ametumika miaka mitatu katika shirika dogo alilolianzisha mwenyewe Masisi, la kuzalisha butiri za muhogo. Sasa anaomba kazi ya mshahara Walikale: kusimamia mashamba ya butiri chini ya mkubwa wa projekti. Mstari wake wa kwanza unasema: "Mwanzilishi na Direkta Jenerali, mwenye maono, alihamasisha jamii na kutafuta makuta."

Si uongo. Lakini ofa inaomba kupanda, kung'oa miti yenye mozayiki, kuhesabu butiri na kuandika ripoti ya mwezi. Maono haiyaombi popote. Mwenye kusoma anajiuliza tu: huyu ataingia shambani ao atataka ofisi?

Na kumbe kazi ile yote ameifanya! Nilimuuliza shamba lilikuwa kubwa namna gani. Nusu hektari. Ukipanda metre moja kwa metre moja, hektari inabeba miti 10,000, basi yake ilikuwa 5,000. Nani alipita kutafuta majani yaliyojikunja, yenye madoa ya njano? Yeye mwenyewe, kila wiki, na daftari mkononi. Basi aandike hivi: "Nilisimamia nusu hektari, miti 5,000 ya muhogo, na watumikaji 6, kila wiki niling'oa yenye mozayiki na kuandika hesabu." Juu ya mstari kama huo, mtu aliyezoea wakaguzi wa SENASEM anaweza kumuuliza maswali, naye akajibu.

Neno "mwanzilishi" asilifute, juu watakapopiga simu litajulikana. Aandike "Mwanzilishi na msimamizi wa shamba". Ile atestasyo ya kazi aliyojisainia mwenyewe, hapo nilicheka kidogo, aitoe. Aweke simu ya mnunuzi wa butiri na ya ajironome wa serikali aliyekuwa akipita shambani, kama wamekubali. Mwanzilishi hana mkubwa, lakini wako watu aliowatolea hesabu.

Kinachonisumbua zaidi hakimo katika sivi: shirika bado liko hai? Kama linauza butiri, na projekti inanunua butiri, yeye ndiye atahesabu na kupokea mali yake mwenyewe. Kamati ya kuajiri itaona haraka, na ikigundua baada ya kusaini kontra, ni kufukuzwa. Katika barua aseme nani anaongoza sasa, na kwamba shirika halitauzia projekti ile wakati yeye yuko ndani. Kama hawezi kuahidi hivyo, aache ofa hii, ajitoe kama mwenye kuuza butiri.

Alitaka kubakiza "kutafuta makuta". Nilimwambia aishushe mwisho, mstari mmoja. Siku ofa itakuwa ya kordinateri, itapanda juu.