Mkanda Haujafungwa, Hujavaa: Uchambuzi wa Tangazo la Mistari Saba

Mkanda haujafungwa, hujavaa.
Vidole viwili chini ya kidevu, si vitatu.
Tikisa kichwa: ikicheza, si yako.
Bonyeza ndani: ikibonyea kama godoro, usinunue.
Imegonga na kichwa ndani? Imekufa.
Petroli isiiguse.
Abiria hana helmeti, pikipiki haiondoki.

Hilo ndilo tangazo zima. Ni la chama cha waendesha bodaboda, limeandikwa kubandikwa kwenye vijiwe vya Morogoro, na lina maneno 33 tu. Nilishiriki kulipunguza kutoka ukurasa mzima. Hapa nataka kueleza kwa nini mistari hii saba ndiyo iliyobaki, maana kila mmoja una kazi yake, na kadhaa kati yake inamtaka dereva apime kitu yeye mwenyewe.

Mstari wa kwanza kufutwa ulikuwa ule uliozoeleka: vaa helmeti kwa usalama wako. Hakuna dereva asiyeujua. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka avae, na trafiki anamkumbusha. Simama robo saa pale Msamvu, njia ya Dodoma inapoachana na ya Iringa, utaziona helmeti za kutosha. Ipo iliyotundikwa kwenye kioo cha pembeni, ipo iliyopachikwa kwenye kiwiko, ipo iliyokaa kichwani huku mkanda ukipepea. Helmeti zipo. Kinachotuumiza ni kwamba nyingi kati ya hizo hazitafanya kazi siku ya kuanguka, na trafiki aliye upande wa pili wa barabara hawezi kulijua hilo. Anayeweza kulijua ni mwenye kuivaa.

Ili kuielewa mistari hii, tuanze na ajali ndogo kuliko zote. Pikipiki imesimama kijiweni, dereva amekaa juu yake, mguu unateleza, anaanguka ubavu na kichwa kinapiga lami. Kichwa cha mtu aliyekaa kwenye pikipiki kiko kama mita 1.5 kutoka chini. Kitu kikianguka kutoka kimo hicho kinafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, ingawa pikipiki yenyewe haikuwa inatembea.

Sasa kichwa hicho lazima kisimame, na swali ni kitasimama ndani ya nafasi gani. Lami haibonyei. Tuseme kichwa kitupu kinasimama ndani ya milimita 3. Kwa hesabu ya kawaida ya mwendo, nguvu ya kukisimamisha inakuwa kama mara 500 ya uzito wake. Kwa kichwa cha kilo 5, hiyo ni sawa na mzigo wa tani 2.5 ukiegemea mahali pamoja pa fuvu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mvalishe mtu yuleyule helmeti ambayo povu lake linapondeka milimita 20 kabla kichwa hakijasimama. Nguvu inashuka hadi kama mara 75, yaani chini ya kilo 400. Anguko ni lilelile na lami ni ileile. Kilichobadilika ni zile milimita 17 za ziada.

Hiyo ndiyo siri yote ya helmeti. Ganda la nje linasambaza pigo na kukifanya kichwa kiteleze juu ya lami badala ya kukwama, lakini kinachookoa ubongo ni lile povu jeupe gumu la ndani, ndugu wa lile linalofungiwa televisheni mpya kwenye boksi. Linakubali kuvunjika ili ubongo usivunjike. Mistari yote saba inalinda jambo moja: povu hilo liwe zima, na liwe kati ya kichwa na barabara wakati ule kichwa kinapofika.

Ndiyo maana mkanda umewekwa juu kabisa. Katika ajali mwili hauanguki mara moja kama gunia. Mara nyingi bega au nyonga hutangulia kugusa chini, mwili unajipinda, kisha kichwa kinafuata kwa kurushwa. Helmeti isiyofungwa huweza kutoka kichwani katika hatua ile ya kwanza. Watu wakifika wanaikuta kando ya barabara, haina hata mchubuko, na mwenyewe yuko mbali nayo. Tuliandika "hujavaa" kwa sababu kwa hesabu ya kichwa ndivyo ilivyo: mkanda ukiwa wazi, mtu huyo hakuvaa chochote.

Mkanda uliolegea nao ni nusu ya kosa hilohilo. Ndipo vidole viwili vinapoingia. Funga, kisha pitisha vidole viwili kati ya mkanda na kidevu. Vikipita kwa kubanwa, sawa. Cha tatu kikipita, kaza. Tulichagua vidole kwa kuwa havisahauliki nyumbani, na dereva anaweza kupima hata akiwa kwenye foleni.

Kutikisa kichwa kunapima saizi. Helmeti ya saizi yako inavuta ngozi ya paji la uso unapogeuka. Isiyo yako inabaki nyuma wakati kichwa kimeshageuka. Kipimo kingine ni kuishika ukingo wa nyuma, chini kwenye kisogo, na kuisukuma juu kuelekea mbele mkanda ukiwa umefungwa. Ikivuka paji la uso na kutoka, itatoka pia siku ya ajali.

Hapa milima yetu ina neno lake. Dereva anayepeleka abiria Mgeta anaanza safari na joto la mjini, anapita Mzumbe na Mlali akitoka jasho, na akishapanda anakutana na baridi na ukungu. Hapo anavaa mzula wa sufu, na juu yake helmeti. Sufu nene inainyanyua helmeti isikae mpaka chini, na mkanda uliokuwa sawa mjini sasa haufiki vizuri, basi anauacha wazi. Hayo yote yanatokea pale ambapo njia ni mbaya zaidi: kona kali, tope la masika, na bonde upande mmoja. Mwenye kupanda milimani mara kwa mara apime helmeti yake akiwa amevaa kile atakachovaa kule juu, au atumie kitambaa chembamba kisichoongeza unene. Baridi ya shingo na uso izuiwe kwa skafu.

Mstari wa nne ni wa dukani. Kuna kofia zinazouzwa kama helmeti ambazo ndani yake hamna povu gumu, kuna sponji tu na kitambaa. Kwa nje ganda linang'aa sawasawa na nyingine. Sponji nayo inaweza kujaza milimita 20, lakini inalala mara moja bila kupunguza pigo vya kutosha, kichwa kinafika kwenye ganda kikiwa na mwendo karibu uleule. Ingiza kidole nyuma ya kitambaa na ubonyeze. Povu halisi linakataa kidole. Sponji inakizamisha na kurudi, kama godoro. Helmeti iliyofaulu kipimo cha kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa ina lebo ya herufi E ndani ya duara, mara nyingi imeshonwa kwenye mkanda. Itafute, lakini lebo inaweza kughushiwa, kwa hiyo kidole kiwe na neno la mwisho.

Mstari wa tano ndio uliobishaniwa zaidi, kwa kuwa unagusa mfuko. Povu likishapondeka halirudi. Helmeti iliyogonga barabara ikiwa na kichwa ndani inaweza kuonekana nzima kwa nje, kumbe ile sehemu iliyopigwa imebanwa na haina tena milimita za kutoa. Pigo la pili mahali palepale litapita moja kwa moja. Tuliongeza maneno "na kichwa ndani" makusudi. Helmeti tupu iliyodondoka kutoka kwenye kiti haikubebeshwa uzito wa kichwa, na kumwambia dereva aitupe kwa hilo ni kumfanya asiuamini hata mstari wa kweli. Akague nyufa, na kama hakuna aendelee nayo.

Kuhusu petroli, jaribio ni rahisi kuliko maelezo. Dondoshea tone la petroli kwenye kipande cha povu la boksi la televisheni, mbali na moto, utaona linayeyuka na kuacha shimo. Dereva anayefutia helmeti kitambaa chenye petroli ili kuondoa mafuta, au anayeitumia kubebea chupa ya petroli, anaweza kuwa anatoboa kinga yake kwa ndani bila kuona. Maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida yanatosha.

Mstari wa mwisho unamhusu aliyekaa nyuma. Kichwa cha abiria kiko kwenye kimo kilekile na lami ni ileile. Abiria wengi hukataa helmeti kwa sababu mbili za haki: jasho la waliotangulia, na nywele. Kwa hiyo agizo lisingetosha bila matendo. Dereva afue kitambaa cha ndani kila wiki kama kinatoka, na awe na kofia nyepesi za plastiki, zile za kuogea, abiria avae moja kwanza kisha helmeti juu yake. Dada aliyesuka jana atakubali akiona usafi. Mwenye helmeti moja ya abiria ajue pia kwamba mshikaki umeshakatazwa na hesabu hiyo: kuna vichwa viwili nyuma na kinga moja.

Tangazo hili lina mipaka, na dereva ana haki ya kuijua. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2008 yalikadiria kwamba helmeti inapunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69, na vifo kwa asilimia 42. Maana yake wapo wanaokufa wakiwa wameivaa na kuifunga. Milimita 20 za povu haziwezi kumsimamisha mtu aliyegonga uso wa lori kwa kilomita 80 kwa saa, na helmeti hailindi kifua wala mapaja. Inalinda vizuri dhidi ya kile kinachotokea mara nyingi: kichwa kushuka kutoka mita 1.5 hadi barabarani, hata kama pikipiki ilikuwa inatembea.

Kabla hujawasha kwa abiria anayefuata, ndugu yangu, ingiza vidole viwili chini ya kidevu chako, kisha chini ya kidevu chake. Cha tatu kikipita, kaza ndipo muondoke.