Mkasi na Jina

Gauni lilining'inia kwenye duka la mitindo, limeshonwa kwa kanga, na kwa mbali lilipendeza. Nikasogea. Mgongoni herufi kubwa zilisomeka SAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Kanga hiyo naijua: inasema USISAFIRIE. Mkasi uliokata kwapa uliondoka na herufi tatu, na onyo likageuka ruhusa. Mbunifu aliona maua tu.

Fundi mmoja wa Dar ninayempenda huanzia kwenye jina. Kwanza huloweka doti nzima usiku kucha, wanga utoke na pamba isinywee baada ya kushonwa. Kisha hutandaza leso ya kwanza, hutafuta katikati ya jina, na hapo ndipo panapokuwa katikati ya sketi kwa nyuma. Marinda huanzia ubavuni, kwa kuwa rinda humeza herufi. Pindo la chini haligusi. Ndilo upindo wa sketi. Mteja akiwa mfupi, kinachozidi hupunguzwa kiunoni. Leso ya pili hutoa kiwiliwili, nalo jina lake hukatwa zima pamoja na pindo, mteja akajifunge kilemba.

Kazi hii ni ya polepole. Leso ina takriban sentimita 150 kwa 110, imezungushiwa pindo pande zote nne, hivyo kila saizi hupangwa upya. Ndiyo maana wengine huona afadhali waipige kanga picha, wafute maneno, wachapishe mji peke yake kwa mita juu ya poliesta. Katika kufuta huko hupotea pia alama ya mwenye kanga, kama ile ya Mali ya Abdulla ya duka la Kaderdina, lililoanza Mombasa mwaka 1887. Kwangu unyonyaji unaanzia hapo: mchoro unauzwa, waliouchora na walioutungia maneno hawapo tena.

Atakayejitetea kwamba kanga yenyewe ni mchanganyiko hajakosea. Neno leso ni la Kireno, na kanga nyingi zilichapwa India na Japani kabla kiwanda cha Urafiki hakijafunguliwa Dar mwaka 1968. Lakini kitambaa kikisafiri, jina lilibaki la wanawake wa pwani: wao huchagua nani apewe lipi, na lipi livaliwe siku ya kupita mlangoni kwa jirani. Mwenye chapa ya mavazi anayeheshimu hilo huandika kwenye lebo jina la kanga na alama ya aliyeichapisha, na akitaka mchoro kama ule humlipa mchoraji amchoree mpya.

Juzi msichana alimletea yule fundi kisutu, kanga ya bibi harusi, akitaka kaptula ya ufukweni. Kisutu hakina jina la kukatwa, nikadhani atakubali. Alikikunja taratibu, akamrudishia.

"Hiki mwekee mama yako," alisema. "Niletee ya maua, mwanangu, nitakushonea kesho."