Nani Amemeza?

Nakaloke iko kaskazini kidogo ya Mbale, kwenye barabara iendayo Soroti, na kama senta nyingine za barabarani mashariki mwa Uganda, imejaa maandishi mafupi. Getini, kwenye kuta za maduka, kwenye chupa na vifuko vilivyopangwa rafuni, kila mahali kuna maneno mawili matatu yanayokataza au kuonya. Mengi ni ya Kiingereza, na Kiingereza cha mabango kina mazoea ya kumeza nusu ya sentensi. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda kikatiba tangu 2005, ila hapa kinafika zaidi kwa malori kuliko kwa Katiba: dawa nyingi za shambani zinazovuka mpaka kutoka Kenya kwa njia ya Malaba na Busia zina lebo ya lugha mbili. Asiye na Kiingereza husoma upande wa Kiswahili, na kwa bahati mbaya upande huo mara nyingi uliandikwa na mtu aliyekuwa na haraka.

Kuna mwalimu mmoja wa Kiswahili ambaye wenye maduka humwita awasaidie kuandika mabango na lebo za Kiswahili. Napenda kumtazama akifanya kazi, maana haanzi kuandika mpaka ameshauliza maswali mengi kuliko maneno yaliyopo kwenye lebo.

Chukua kwanza lile bango la kila kona ya Uganda linalosema kwamba kitu fulani si cha kuuzwa. Watu huliandika kwa sababu matapeli huuza ardhi isiyo yao, hasa mwenyewe akiwa safarini. Kwa Kiingereza yanatosha maneno matatu bila kutaja kinachokatazwa kuuzwa, kwa kuwa bango limesimama pale pale kwenye mali yenyewe. Kiswahili hakikupi nafasi hiyo. Kabla ya kuandika kitenzi lazima ujue ngeli: nyumba haiuzwi, shamba haliuzwi, kiwanja hakiuzwi. Ukiandika "Haiuzwi" kwenye ukuta wa nyumba, tapeli mwenye ulimi anaweza kumwambia mnunuzi kwamba ni nyumba tu isiyouzwa, lakini kipande cha nyuma kipo sokoni. Ukiandika "Hapauzwi", mpita njia atadhani duka limefungwa. Mwalimu alimuuliza mwenye mali anachotaka kukilinda, akajibiwa vyote viwili. Akaandika: "Kiwanja hiki na nyumba hii haviuzwi." Mchoraji alinung'unika kwamba bango ni dogo. Mwalimu akamwambia apunguze ukubwa wa herufi, si idadi ya maneno.

Bango likikosewa, hasara ni ya mali. Kwenye chupa ya dawa ya wadudu mambo ni mazito zaidi. Niliwahi kuketi naye katika duka la pembejeo huku akipitia lebo ya dawa ya majimaji ya kunyunyizia nyanya, chupa ndogo ya mililita 100. Chupa ndogo ndizo ngumu kuliko zote: dawa ni ile ile kali, ila karatasi ya kuandikia onyo inakaribia ukubwa wa vidole viwili. Kiswahili kilichokuwapo kilisema, "Kama ikimezwa, usishawishi kutapika."

"Mama," akamuuliza mwenye duka, "hapa nani amemeza?"

"Si wameandika, mwalimu?"

"Hawakuandika. Na huyu asiyeshawishiwa kutapika ni nani?"

Mama akacheka, akasema kushawishi ni kazi ya wanasiasa.

Lebo ya Kiingereza ilikuwa imewaacha nje watu wawili, aliyemeza na anayesoma, ikitegemea kwamba msomaji atawajaza mwenyewe. Aliyeifasiri akafuata neno kwa neno, na aliyemeza akabaki nje. Sasa fikiria nyumbani yakitokea. Aliyemeza anaweza kuwa mtoto wa miaka mitatu, au mtu mzima aliyekwisha kulegea. Mwenye kushika chupa na kusoma ni mama, jirani, kaka. Kwa hiyo "ukimeza" haifai, inamsemesha asiyeweza kusoma. Mwalimu akaandika: "Mtu akiimeza, usimtapishe."

Hayo ni maneno matatu, na hakuna aliyeachwa. Yuko aliyemeza, iko dawa ndani ya "akiimeza", yuko msomaji anayeonywa, na yuko mgonjwa ndani ya "usimtapishe". Sentensi ya zamani ilikuwa na maneno manne na haikumtaja aliyemeza hata mara moja. Ndiyo maana siamini wanaosema Kiswahili ni kirefu mno kwa lebo. Kinakuwa kirefu kinapofuata nyayo za lugha nyingine. Kikiachiwa viambishi vyake, hubeba watu wengi kwenye neno moja.

Katazo lenyewe lina sababu. Dawa nyingi za majimaji za aina hii huyeyushwa kwa viowevu vya jamii ya petroli. Mgonjwa akitapika, kiowevu kinaweza kuingia kwenye mapafu na kuyachoma, na hapo mtu aliyekuwa na tatizo moja anakuwa na mawili. Lakini mwalimu hanakili onyo la chupa moja na kulibandika kwenye nyingine, kwa sababu agizo la huduma ya kwanza hufuata kilichomo ndani. Baada ya mstari ule akaongeza mwingine: "Mpeleke hospitali pamoja na chupa hii." Lebo ya Kiingereza ilisema lebo ionyeshwe, bila kusema ionyeshwe kwa nani. Akiiona chupa, daktari anajua sumu gani anapambana nayo.

Mstari wa tatu ndio uliomchelewesha zaidi. Ulisomeka, "Matumizi ya mwisho: siku 7 kabla ya kuvuna." Akamwita kijana wa kubeba mizigo, akamwomba aseme angefanya nini akisoma hivyo. Kijana akajibu kwamba dawa inaharibika baada ya siku saba. Mkulima aliyesimama pembeni akasema hapana, maana yake ni kwamba zikibaki siku saba uvune, nyunyizia mara ya mwisho. Huyo wa pili alikuwa ameligeuza katazo kuwa agizo: hata nyanya zisizo na mdudu angezimwagia dawa ili atimize sheria. Kilichotakiwa ni muda wa dawa kupungua kwenye tunda kabla halijaliwa. Mwalimu akafuta, akaandika: "Ukishanyunyizia, usivune mpaka siku 7 zipite." Akamrudia kijana. Safari hii kijana alihesabu kwa vidole kuanzia siku ya kunyunyizia, na hakukosea.

Njia hii ya kumsomesha asiyehusika haina gharama, na inashangaza kwamba ni wachache wanaoitumia. Wengi humwonyesha mfasiri mwenzao, ambaye anajua Kiingereza na hivyo anajaza pengo kichwani bila kujijua.

Kazi hii ina mpaka wake. Lebo nzuri haimsaidii mtu aliyepimiwa dawa kwenye chupa ya soda, na upimaji huo upo kwa kuwa si kila mkulima anaweza kununua chupa nzima. Kwa hao, mwalimu alimwandikia mama vikaratasi vya kubandika vyenye jina la dawa na mistari ile mitatu.

Kama una duka la pembejeo, mtafute mtu asiyejua Kiingereza, msomee onyo lililo kwenye chupa zako, kisha muulize angefanya nini. Akijibu kinyume, usimcheke. Irekebishe lebo kabla hujauza chupa nyingine.