Saa Nane ya Nani?

Mpokezi wa ofisi ndogo Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura, mara nyingi hana mtambo wa kuhamisha simu. Ana simu ya mkononi, daftari na kalamu. Hata hivyo, wapo wanaoifanya kazi hii kwa ustadi unaonifurahisha, hasa wanaohudumia watu wenye mizigo ya ziwani.

Salamu iliyorekodiwa ndiyo hupimwa kwanza. Mpigaji hulipa tangu neno la kwanza, kwa hiyo shukrani ndefu na muziki humla salio kabla hajasema shida yake, naye hukata. Salamu nzuri ni fupi: "Hapa ni kwa wakala wa forodha, Mutakura. Tunafungua Jumatatu hadi Ijumaa, saa za Bujumbura. Acha jina, namba na jambo lako. Tutakupigia ndani ya siku moja ya kazi." Ingesema "tutakupigia leo", aliyepiga Jumamosi usiku angekuwa amedanganywa.

Hayo maneno "saa za Bujumbura" nayapenda kuliko yote. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na mzigo wa Kigoma haujali hilo. Tuseme mteja wa huko anapiga: "Dada, kesho saa nane nitampigia bosi." Mpokezi mvivu hujibu "sawa baba", na siku ya pili simu inaita bure, kwa sababu bosi yuko kwenye chakula cha mchana. Mwenye ufundi huuliza: "Saa nane ya Kigoma, baba? Huku itakuwa saa saba, bosi hayupo. Piga saa tisa ya kwenu, atakuwa amerudi." Kisha daftarini haandiki "saa 8", maana bosi aliyesoma kwa Kifaransa ataielewa kuwa asubuhi. Anaandika 14:00, basi.

Namba nayo ina mtego wake. Sita na saba husikika karibu sawa laini ikikwaruza, hivyo mpokezi huirudia tarakimu moja moja, na mteja huitikia kila moja. Halafu anahesabu. Namba ya Burundi ina tarakimu nane baada ya 257. Ya Tanzania ina tisa baada ya 255. Mtu wa Kigoma akiwa ameacha nane, moja imedondoka, na ni heri kuitafuta angali hewani.

Jambo lenyewe huandikwa kwa maneno ya mpigaji: "mzigo umekwama", si tafsiri ya mpokezi kuhusu aliyeukwamisha. Wengine hawataki kulitaja kabisa. Ni la fedha, au la kifamilia. Hapo hasukumi. Anaandika "hakusema", na bosi anajua kwamba simu hiyo ataipiga akiwa peke yake.